Saa Inapowasha Mkono
Ngozi ikiwasha na kutoka vipele pale tu mgongo wa saa unapogusa, mshukiwa wa kwanza ni nikeli. Chuma cha pua aina ya 316L kina nikeli asilimia 10 hadi 14. Wengi hakiwadhuru, maana huiachia kidogo mno, ingawa jasho huzidisha. Titani safi haina nikeli, na uzito wake ni kama nusu ya chuma, ila huchubuka upesi. Kauri ya zirkonia, yenye uzito wa katikati, haiogopi funguo wala sarafu. Ikianguka kwenye vigae, yaweza kupasuka, na ufa haung'arishwi ukaisha. Mwenye mzio ningempa titani. Lakini aigeuze kwanza: baadhi zina mfuniko wa nyuma au bizimu ya chuma kilekile.