Volti 13.1 za Betri Mbili

Mita inasoma volti 13.1 kwenye betri mbili za sola za volti 12, moja ya asidi, nyingine ya lithiamu ya fosfati ya chuma. Ile ya asidi huenda imetoka kuchajiwa sasa hivi. Ya lithiamu yaweza kuwa chini ya nusu.

Katika betri ya asidi, asidi yenyewe hutumika kadiri umeme unavyotoka. Inapopungua makali, volti hushuka taratibu: takriban 12.7 ikijaa, 12.2 ikifika nusu. Lithiamu ya aina hii hubaki karibu na volti ileile kwa sehemu kubwa ya safari, kisha huporomoka ghafla mwishoni. Kosa dogo la mita, volti 0.1 tu, laweza kupotosha makadirio kwa theluthi nzima. Ndiyo maana kifaa kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka huaminika zaidi kwake.

Kwa betri ya asidi, fundi makini hutenganisha paneli na mizigo yote jioni, huiacha usiku kucha, kisha hupima alfajiri, ncha za mita zikigusa vichwa vya betri vyenyewe. Ile 13.1 ikishuka hadi 12.3, chaji ilikuwa ya juujuu.