"Si ulipe" ya Riruta na "silipe" ya kwetu

Kuna neno la herufi mbili ambalo mtu wa Pwani analijua tangu yuko mgongoni mwa mamake, na akifika Nairobi analikuta limebadilika tabia. Neno lenyewe ni "si". Mie naishi Riruta Satellite, upande huu wa Kawangware, na haipiti saa moja sijalisikia. Konda wa matatu: "Si usonge kidogo." Muuza mboga: "Si uongeze na nyanya." Jirani akitaka kuazima ndoo: "Si unisaidie na ndoo." Mgeni wa kutoka kwetu huona kama watu hawa wanakataza, kumbe wanaomba.

Lugha zote nilizopata kuzisikia zina maneno madogo ya namna hii, yasiyoongeza habari ila humgusa msikilizaji bega na kumwambia: kubaliana nami. Sisi Pwani huyaweka mwishoni mwa maneno. "Utakuja Ijumaa, sivyo?" "Bei imepanda, au sio?" Habari yatolewa kwanza, kisha ndipo bega laguswa. Na sauti hupanda kidogo pale mwisho, kama mtu anayenyanyua nyusi.

Riruta bega huguswa kwanza. "Si utakuja Ijumaa?" Hapo hujaambiwa jambo lolote bado, lakini umeshajua kwamba jibu linalotakiwa ni ndiyo. Wakikuyu, ambao ndio wenyeji wa sehemu hizi za Dagoretti tangu zamani, wana neno lao "githi" ambalo nalo hukaa mwanzoni: "Githi tiguo?", yaani si hivyo? Mtu aliyezoea "githi" kwao nyumbani, "si" ya mwanzoni haimpi taabu hata kidogo. Waluo wao wana "donge", na utalisikia Kawangware kutwa, mara nyingi peke yake, likingoja uitikie.

Lakini tusijifanye kwamba "si" ya mwanzoni ni mali ya Nairobi. Nani kwetu hajaambiwa na mamake "Si nilikwambia!" baada ya kuanguka kutoka kwenye mwembe? Hiyo ni "si" ile ile. Tofauti ni kwamba kwetu, kwa nionavyo mie, kazi yake kubwa ni kukumbusha jambo lililopita au linalojulikana: si nilikwambia, si unamjua yule, si jana tulikuwa sote. Nairobi wameichukua wakaivusha hadi kwenye maombi na mashauri, ikafuatwa na kitenzi kinachoishia kwa "e": si twende, si ukae, si unipe. Na hapo ndipo inapogongana na Kiswahili cha kwetu.

Kwa sababu sisi tuna mazoea ya kuimeza "u" ya kukataza. Kiswahili cha kitabuni chasema "usiniambie". Mombasa na Lamu utasikia "siniambie". "Usifanye" huwa "sifanye", "usilipe" huwa "silipe". Sasa weka maneno haya mawili pamoja uyaseme haraka: "si ulipe" na "silipe". Moja ni la mtu wa Riruta anayekwambia tafadhali lipa. La pili ni la mtu wa Lamu anayekwambia usilipe. Kinachoyatenga ni "u" moja katikati, na "u" hiyo kwenye simu yenye kelele za barabara ya Naivasha haisikiki.

Kwenye maandishi ni vibaya zaidi. Mpwa wangu alikuja kutoka Lamu kutafuta kazi, akapanga chumba kimoja si mbali na kwangu. Mwisho wa mwezi akamwandikia keateka wa ploti kumwuliza kama anaweza kungoja hadi Jumatatu. Keateka akajibu kwa ujumbe mfupi: "Siulipe leo jioni mdosi anakuja." Watu wengi huku huandika hivyo, "si" na kitenzi vimeshikana. Kijana akasoma "siulipe" akaona ni "usilipe" iliyoandikwa kwa pupa, herufi zimepishana. Na maana ikakaa sawa kabisa: usilipe leo jioni, bosi anakuja, pengine keateka hataki bosi aone pesa zinapitia mkononi mwake. Akatulia na pesa yake mfukoni. Kesho yake aliporudi alikuta kufuli la pili mlangoni.

Alinipigia. "Mjomba, aliniambia mwenyewe nisilipe!" Nikamwambia anisomee ujumbe herufi kwa herufi. Alipofika kwenye "u" nikaelewa. Keateka naye alipoonyeshwa alishangaa kweli, kwa vile kwake yeye ule ulikuwa ujumbe wa upole. Angeweza kuandika "Lipa leo jioni," ambayo ni amri. Aliweka "si" ili apunguze makali. Kufuli lilitoka kabla ya magharibi, na kijana akapoteza siku moja ya kibarua.

Kuna alama mbili za kuzitambua hizi. Ya kwanza ni kiambishi cha mtu. "Si ya kugusa bega" hufuatwa na kitenzi kilicho kamili chenye nafsi yake: si u-lipe, si tw-ende, si a-lipe. Ukiiondoa "si", kinachobaki ni sentensi nzima inayosimama: ulipe, twende, alipe. "Si" ya kukataza ukiitoa kwenye "silipe" unabakiwa na "lipe", ambayo haisimami. Ya pili ni mpangilio wa herufi: kwenye "usilipe" ile "u" inatangulia "si", na kwenye "si ulipe" inaifuata. Basi kila ukipokea ujumbe kutoka kwa mtu wa Nairobi wenye "siu", itenge kwanza kabla hujaielewa.

Ajabu ni kwamba lugha nyingi hutumia neno la kukana kuombea kukubaliwa. Mashabiki wa filamu za Kihindi, na kwetu si haba, wanaijua "hai na?" inayomalizia maneno ya wapenzi. Ile "na" ni neno la Kihindi la kukana. Mreno husema "ne", ambayo ni "si hivyo" iliyofupishwa. Mfaransa husema "nespa", na ndani yake mna kukana vilevile. Nadhani sababu yake ni adabu. Ukimwambia mtu "utakuja" umemfungia mlango. Ukitia "sivyo" umeuacha wazi kidogo ili aweze kukataa, huku uso wako ukimwonyesha kwamba hutarajii apite hapo.

Mwingereza ndiye aliyejitia tabu. Yeye hana neno moja. Hulazimika kurudi kwenye kitenzi chake, akigeuze kiwe cha kukana ikiwa hakikukana, na kukipa nafsi na wakati ule ule, kama ambavyo sisi tungesema "Utakuja, hutakuja?", "Amelipa, hajalipa?", "Hawajui, wajua?" Kila sentensi na mkia wake. Watu wa Nairobi wameukata mzizi wa fitina: wakizungumza Kiingereza hubandika "izinti" kila mahali, kitenzi kiwe kipi, nafsi iwe ipi. Walimu hukasirika, lakini naona watu hawa wameiendesha lugha ya Mwingereza kwa mtindo wa "sivyo" yetu, ambayo haijali kitenzi.

Kuna jengine la kuuma hapa, nalo ni jibu. Aliyesoma chuoni atakumbuka tulivyofundishwa juu ya aya ya 172 ya Suratul Aaraf, pale wanaadamu walipoulizwa kuhusu Mola wao kwa swali lenye kukana ndani yake. Walijibu "bala", na masheikh hutilia mkazo kwamba lau wangejibu "naam" ingekuwa balaa, kwani "naam" hukubali swali pamoja na kukana kwake, ilhali "bala" hukivunja kile kikanushi. Mwarabu ana maneno mawili. Mfaransa pia analo la pili, na sadfa iliyoje, ni "si": kwake ni ndiyo ya kumjibu aliyekana.

Kiswahili hatuna la pili. Tukiulizwa "Hukulipa?" ndiyo yetu ina maana ni kweli sikulipa. Tukiulizwa "Si ulilipa?" ndiyo ile ile ina maana nililipa. Ndiyo inafuata kitenzi: kikikana, nayo inakana, kisipokana, inakubali, na "si" ya mbele haihesabiwi. Hilo mtu hulifanya bila kufikiri. Lakini kitenzi kikifichwa nyuma ya mtu, kanuni inatetereka. "Si wewe uliyefunga mlango?" Yaweza kuwa ni kugusa bega: ni wewe uliyefunga, nakubali najua. Yaweza kuwa ni kukana kwa kweli: kumbe siye wewe? Sauti ndiyo husaidia. Katika kugusa bega "si" hupita nyepesi na uzito unakaa kwenye "wewe". Katika kukana mtu huikazia "si" yenyewe, na nyusi zinapanda.

Kwenye karatasi nyusi hazionekani, na kuna mahali ambapo jibu lako huandikwa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, inalijua swali la kugusa bega: ni swali linalodokeza jibu ambalo mwulizaji analitaka au analitarajia. Wakili aliyekuita wewe kuwa shahidi wake hakubaliwi kukuuliza hivyo juu ya jambo linalobishaniwa, upande wa pili ukipinga, mpaka mahakama imruhusu. Lakini wakili wa upande wa pili anaporudi kukuhoji anaruhusiwa, na kwa Kiswahili cha Nairobi chombo chake ni hiki hiki cha herufi mbili. "Si wewe uliyefunga mlango?" "Si ulimwona?" "Si mlikuwa pamoja?" Mtu wa kwetu, kwa heshima, na kwa kuzoea kumwitikia mkubwa, hutamka "ndiyo" kumaanisha nimekusikia, au kumaanisha ndiyo, siye mimi. Kinachoingia kwenye kumbukumbu, aghalabu kwa Kiingereza, ni neno moja la kukubali.

Mpwa wangu nimeshamfundisha asimjibu mtu huku kwa ndiyo wala la ikiwa swali limeanza na "si". Ajibu kwa kitenzi kizima: "Nilifunga mimi." "Sikufunga." "Nitalipa leo magharibi."