Vigaga vya asali puani mwa mtoto

Huanza na doa jekundu chini ya tundu la pua, dogo kiasi cha mzazi kudhani mtoto ameumwa na mbu. Kesho yake pana lengelenge jembamba ambalo wengi hawalioni kabisa, maana hupasuka upesi. Majimaji yake hukauka juu ya ngozi na kuacha kigaga cha manjano, kinatacho na kung'aa kama asali iliyoganda kwenye mdomo wa chupa. Ukikibandua unakuta wekundu mbichi wenye unyevu, na baada ya saa chache kigaga kingine kimejijenga hapo hapo. Siku mbili tatu baadaye vimefika pembeni mwa mdomo na kidevuni. Ugonjwa huu madaktari huuita impetigo. Mara nyingi mtoto hana homa, anakula na anacheza kama kawaida. Kinachomsumbua ni muwasho.

Na muwasho huo ndio unaousambaza. Mtoto anajikuna pua, kisha anashika penseli ya jirani yake, kikombe cha darasa au taulo moja linalofutia mikono ya wote. Bakteria wanaohusika ni wawili. Wa kwanza ni stafilokokasi, ambaye watu wengi wazima na wenye afya njema wanaishi naye puani bila kujua. Wa pili ni streptokokasi, ndugu wa yule anayeleta maumivu ya koo kwa watoto. Wote wawili hushindwa kuingia kwenye ngozi nzima, wanahitaji mlango. Mafua yanapomfanya mtoto afute kamasi kutwa kwa kiganja, ngozi ya chini ya pua huchubuka, na mlango umepatikana. Watoto wa miaka 2 hadi 5 ndio wanaougua zaidi, na darasa la chekechea lina kila kitu bakteria hawa wanachokitaka: mafua, mikono inayoshikana, na vitu vya kugawana.

Tuchukue mtoto wa miaka 5, mwenye uzito wa kilo 20, ambaye ana vigaga vitatu chini ya pua. Nyumbani kuna chupa ya amoksilini iliyobaki tangu alipokohoa, na mama anampa. Siku ya tatu vidonda vimekuwa vitano. Dawa hii imeshindwa si kwa sababu ni dhaifu. Stafilokokasi walio wengi hutoa kimeng'enya kinachovunja penisilini, na amoksilini ni mtoto wa ukoo huo wa penisilini. Dawa inavunjwa kabla haijafanya kazi. Kumwongezea kijiko hakusaidii, kwa kuwa dozi kubwa ya dawa inayovunjwa bado ni dawa inayovunjwa.

Mhudumu wa afya anayejua kazi yake huanza kwa kuhesabu vidonda na kuangalia vilipo. Vikiwa vichache, mahali pamoja, na mtoto hana homa, hakuna haja ya dawa ya kunywa. Ya kupaka inatosha, na faida yake ni kwamba inafika kwa wingi pale ugonjwa ulipo bila kusumbua tumbo. Zinazotumika sana ni mupirosini na asidi ya fusidi, zote za asilimia 2, zikipakwa mara 2 au 3 kwa siku kwa siku 5. Tangu mwaka 2020 mwongozo wa Uingereza umependekeza kuanza na krimu ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1 pale vidonda vinapokuwa vichache. Hii ni dawa ya kuua vijidudu, si antibayotiki, na sababu ya kuitanguliza ni kwamba bakteria wameanza kuzoea zile mbili za mwanzo.

Kazi ambayo wengi wanairuka ni ya kabla ya kupaka. Dawa iliyopakwa juu ya kigaga inaishia juu ya kigaga. Chukua kitambaa safi, kichovye kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, kiweke juu ya kidonda kwa dakika kadhaa hadi kigaga kilainike na kutoka chenyewe. Usikikwangue. Kausha kwa kugusa-gusa, paka dawa nyembamba, nawa mikono. Kitambaa kile ni cha mtoto huyo peke yake, na kinafuliwa kwa maji ya moto. Kata kucha zake pia.

Sasa tuseme mtoto yule yule amefika na vidonda kumi, vingine usoni, vingine mikononi na tumboni. Hapo kupaka hakutoshi, na inachaguliwa dawa ya kunywa ambayo haivunjwi na stafilokokasi na bado inamuua streptokokasi: kloksasilini, flukloksasilini au sefaleksini, kwa siku 7. Kipimo hufuata uzito. Kwa sefaleksini, miligramu 25 kwa kila kilo kwa siku zinampa mtoto wa kilo 20 miligramu 500 za siku nzima, yaani miligramu 125 mara nne. Kwenye dawa ya maji ya miligramu 125 kwa mililita 5, hicho ni kijiko kimoja cha kipimo kila mara. Mwenye mzio wa penisilini mara nyingi hupewa erithromisini, ingawa kuna maeneo ambako bakteria wameizoea.

Ipo pia septrini, ambayo kwa miaka mingi madaktari waliamini haimfai streptokokasi. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa jamii za asili kaskazini mwa Australia, ukachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2014, uliilinganisha na sindano ya penisilini. Matokeo yalikuwa sawa: takriban watoto 85 katika kila 100 walipona kwa kila njia, na septrini ilinywewa kwa siku 3 hadi 5 tu, bila maumivu ya sindano. Kwa kituo cha afya cha kijijini chenye rafu fupi ya dawa, naiona hii kuwa habari kubwa.

Naumia ninapoona unga wa vidonge vya rangi mbili umemwagwa juu ya kidonda cha uso. Unga ule hukauka, hutengeneza gamba jipya, na bakteria hubaki salama chini yake. Baya zaidi ni krimu za mchanganyiko zenye steroidi: wekundu hupungua, mzazi hufarijika, huku maambukizi yakiendelea kutambaa.

Dawa sahihi huonyesha dalili ndani ya siku 2 au 3: vidonda vinakauka na vipya haviji. Isipokuwa hivyo, mtoto arudi. Huenda bakteria ni sugu, na usaha upelekwe maabara. Huenda pia chini ya vidonda kuna upele; mtazame katikati ya vidole na kiunoni, na uulize kama nyumbani kuna wengine wanaojikuna usiku. Upele usipotibiwa, impetigo itarudi. Kichanga mwenye malengelenge, au mtoto mwenye homa au uso uliovimba na kuuma, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Shuleni anaweza kurudi saa 24 hadi 48 baada ya kuanza dawa, kutegemea utaratibu wa mahali, vidonda vibichi vikiwa vimefunikwa.

Kovu kwa kawaida halibaki. Lakini streptokokasi wa ngozi mara chache huamsha ugonjwa wa figo wiki kadhaa baadaye, hata kwa mtoto aliyetibiwa vizuri. Ukimwona asubuhi amevimba kope, au mkojo wake umekuwa wa kahawia kama chai ya rangi, mpeleke hospitali akapimwe mkojo na shinikizo la damu, na umwambie daktari kwamba mwezi uliopita alikuwa na vidonda puani.