Kuhesabu Mkono wa Majongi: Kwa Nini Umbo Hutangulia Kasi

Makala haya yananuia kumfafanulia mwanagenzi jinsi mkono wa majongi unavyohesabiwa kwa kanuni za Hong Kong. Aidha, yanaeleza kwa nini katika mizunguko ya mwanzo uteuzi wa umbo la mkono huwa na uzito kuliko kasi ya kuukamilisha.

Mchezo huu wa Kichina huchezwa na watu wanne kwa vigae 144. Kuna jamii tatu zenye namba 1 hadi 9, yaani mianzi, duara na herufi. Kuna pia vigae vya pepo nne na vya majoka matatu, kila kimoja kikiwa na nakala nne, pamoja na vigae 8 vya maua. Kila mchezaji hushika vigae 13. Mshindi ni yule anayekipata kigae cha 14 na kukamilisha mafungu manne na jozi moja. Fungu huwa ama mfuatano, kama vile mianzi 1, 2 na 3, ama utatu wa vigae vinavyofanana.

Kukamilisha mkono, hata hivyo, si kushinda. Thamani ya mkono hupimwa kwa kipimo kiitwacho faani, neno lisilohusiana na fani tunayoijua katika fasihi. Utatu wa joka una faani 1. Kuvuta mwenyewe kigae cha mwisho ukutani huongeza faani 1, na kukosa maua kabisa huongeza nyingine 1. Mkono wenye jamii moja tu iliyochanganyika na pepo au majoka una faani 3. Kuanzia alama 1, kila faani huzidisha alama kwa mbili: faani 1 huleta alama 2, faani 3 huleta 8, na faani 4 huleta 16. Meza nyingi za Hong Kong hazimruhusu mchezaji kutangaza ushindi kwa mkono ulio chini ya faani 3.

Tuchukue mfano. Mchezaji amegawiwa mianzi 1, 2, 3, 5, 5, 7 na 8, duara 4 na 5, herufi 6, majoka mekundu mawili, na upepo mmoja wa magharibi, ambao si upepo wa kiti chake wala wa mzunguko. Njia ya kasi ni kutupa herufi na upepo. Hapo atakuwa anahitaji vigae vitatu tu: duara 3 au 6, mianzi 6 au 9, na joka jekundu, huku mianzi 5 zikiwa jozi. Je, atavuna nini? Faani 1 ya joka. Asipokivuta mwenyewe kigae cha mwisho, na tena akiwa hana ua lolote, hataifikia ile faani ya tatu. Atakaa tayari huku kigae anachokingoja kikitupwa mbele yake, naye haruhusiwi kukichukua ili ashinde.

Njia ya umbo ni kutupa herufi na zile duara mbili, akabaki na mianzi, majoka na upepo. Sasa anahitaji vigae vinne: mianzi 6 au 9, mianzi 5, joka jekundu na upepo wa magharibi wa kukamilisha jozi. Tofauti ni kigae kimoja, lakini mkono umepanda hadi faani 4, yaani alama 16 badala ya 2. Tena hauvunjiki kwa urahisi. Wengine wakitupa majoka mekundu mawili naye hakuwahi kuyadai, yake mawili yatakuwa jozi. Atatafuta fungu jingine la mianzi na bado atakuwa na faani 3.

Hoja hii ina mipaka yake. Baada ya ugawaji, ukuta hubaki na vigae takriban 90, kwa hiyo kila mchezaji ana zamu zisizozidi 20 na ushei. Mwanzoni kigae kimoja cha ziada kina muda wa kupatikana. Nusu ya ukuta ikiisha, muda huo haupo. Isitoshe, wapinzani husoma vigae vinavyotupwa. Anayetupa duara na herufi mfululizo amekwisha kutangaza kwamba anakusanya mianzi, nao wataificha. Ndiyo maana ni busara kuanza na herufi 6, ambayo njia zote mbili haziihitaji, na kuuahirisha uamuzi hadi kigae cha pili. Dalili ya kuchelewa ni kuona mianzi aitakayo imelala katika mafungu ya wengine. Hapo na aache kuufukuzia ushindi, atupe vile vigae ambavyo wenzake wamekwisha kuvikataa, ili asiwe yeye wa kumkamilishia mwingine mkono.

Hivyo basi, kabla ya kuuliza amebakiza vigae vingapi, mwanagenzi aanze kwa kuuliza mkono wake utakuwa na faani ngapi utakapokamilika.