Kabla Ukate Kwoti ya Msee, Cheki Hizi Nukta Tatu

Tuseme msanii ameposti hivi: "Sitaimba na yeye tena hadi anilipe doo yangu yote ya shoo ya Kisumu, na hiyo si siri." Wewe unataka kitu fupi, so unaandika: "Sitaimba na yeye tena..." Maze, hapo umemchomea msee. Yeye analia deni, wewe umetangaza wameachana kabisa.

Hizo nukta tatu (tichee alikuwa anaziita dukuduku) zinaonyesha umetoa maneno. Hazikupi ruhusa ya kutoa "hadi". Vineno kama hadi, kama, labda na si ndio hubeba maana, usiviguse. Kata penye hakuumi: "Sitaimba na [promota] tena hadi anilipe doo yangu yote..."

Mabano ya mraba yanaambia msomaji hilo neno ni lako. Ukitumia mabano ya kawaida, watu watadhani msanii mwenyewe ndiye aliandika. Na weka "promota" tu kama posti yake ilikuwa imeshamtaja huyo promota mahali. Ukibahatisha, ushamwekea maneno mdomoni.

Ukimaliza, soma zote mbili. Kama aliyesoma yako pekee anaweza bishana na aliyesoma posti nzima, rudisha ulichokata.