Namba mbili zinazoonyesha kila mahali duniani

Mtoto wa darasa la nne anaweza kuuliza: kama dunia ni mviringo na haina pembe, tunaanzia wapi kuhesabu ili tuseme Goma iko hapa? Tumeandika maelezo haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya mwalimu au mzazi atakayemsomea.

Tuchukue chungwa na kalamu. Chungwa ndilo dunia. Pale lilipokuwa limeshikwa na tawi ni ncha ya kaskazini, na upande wa chini ni ncha ya kusini. Katikati kabisa, kwa umbali sawa kutoka ncha zote mbili, tuchore mstari unaolizunguka kama mkanda kiunoni. Huo ni ikweta, nao unahesabiwa kuwa sifuri. Sasa tuchore mikanda mingine juu na chini yake, bila kugusana. Hiyo ni mistari ya latitudo. Inatuambia tuko mbali kiasi gani na ikweta, kaskazini au kusini. Tunahesabu kwa digrii, kutoka 0 kwenye ikweta mpaka 90 kwenye ncha. Kila digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi.

Goma iko kwenye latitudo 1.68 kusini. Je, hiyo yatosha kuipata? Hapana. Mkanda huo unazunguka dunia nzima: unapita Afrika, unavuka bahari, unafika hata Brazili. Mtu aliyepewa latitudo peke yake anaweza kuufuata mpaka arudi alipoanzia, asijue asimame wapi.

Kwa hiyo tunahitaji mistari ya pili. Menya chungwa lingine, utaona mistari inayotenganisha vipande vyake: yote inatoka ncha moja na kukutana kwenye ncha nyingine. Mistari ya longitudo iko hivyo. Lakini hapa hakuna mstari wa katikati kama ikweta, kwa maana yote inafanana. Watu walilazimika kupatana. Mwaka 1884, wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Washington, wakachagua mstari unaopita Greenwich, Uingereza, uwe sifuri. Kutoka hapo tunahesabu digrii mpaka 180 kuelekea mashariki, na 180 kuelekea magharibi.

Goma iko kwenye longitudo 29.23 mashariki. Namba hiyo nayo ikiwa peke yake haitoshi: Butembo iko karibu na mstari huohuo, na Istanbul, kule Uturuki, haiko mbali nao. Lakini mkanda wa 1.68 kusini na mstari wa 29.23 mashariki hukatana mahali pamoja tu duniani. Hapo ndipo Goma ilipo.

Tujaribu hesabu moja. Butembo iko 0.13 kaskazini, Goma 1.68 kusini. Kwa kuwa ikweta iko kati yao, tunajumlisha: 0.13 na 1.68 ni 1.81. Tukizidisha kwa 111, tunapata kilomita 200 hivi kwa mstari ulionyooka. Barabara, yenye kona na milima, ni ndefu zaidi.

Simu nyingi huandika mahali hapo hivi: -1.68, 29.23. Latitudo hutangulia. Alama ya kutoa mbele yake inamaanisha kusini; mbele ya longitudo ingemaanisha magharibi. Tuseme kijiji kinamwita daktari, na anayetuma namba anasahau alama hiyo ndogo. Mahali pa Goma, namba zitaonyesha msitu wa Ituri, upande wa Mambasa, zaidi ya kilomita 370 kuelekea kaskazini. Akigeuza mpangilio na kuandika 29.23, -1.68, namba zitaonyesha jangwa la Sahara nchini Aljeria.

Kuna njia rahisi ya kutambua kosa. Kwetu Ituri, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, namba ya kwanza lazima iwe ndogo, chini ya 6, na ya pili iwe kati ya 26 na 32. Kisha tuulize: tuko upande gani wa ikweta? Bunia na Beni ziko kaskazini, hazina alama ya kutoa. Goma, Bukavu na Uvira ziko kusini, lazima ziwe nayo.

Tena tusikate tarakimu. Mbili baada ya nukta zinamfikisha mgeni karibu na mtaa tu, kwa kuwa 0.01 ya digrii ni zaidi ya kilomita moja. Zikiwa nne, kila hatua ya tarakimu ya mwisho ni mita 11 hivi, na mgeni anaweza kuuona mlango.