Ukanushi katika Hukumu za Maadili: Mtihani wa "Ha-", "Si" na "-To-"

Mtu asemapo "Kuiba ni vibaya," anafanya nini kwa maneno hayo? Wanafalsafa wa maadili wametoa majibu matatu makuu. Wanauhalisia husema kwamba msemaji anaarifu jambo, na kwamba baadhi ya mambo ya namna hiyo ni kweli hata pasipo mtu wa kuyaamini. Wafuasi wa nadharia ya kosa, iliyotetewa na J. L. Mackie mwaka 1977, hukubali kwamba msemaji anaarifu, lakini huongeza kwamba uovu anaoutaja haumo ulimwenguni. Kwa hiyo asemalo si kweli. Wanaudhihirishaji, ambao A. J. Ayer aliwapa kauli kali mwaka 1936, hukana hata kuarifu kwenyewe: msemaji anadhihirisha tu msimamo wa moyo wake, kama vile kulaani. Makundi haya mawili ya mwisho huitwa kwa pamoja wapinga-uhalisia.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba dai la wanaudhihirishaji ni dai juu ya lugha, na kwamba viambishi vya Kiswahili vyaweza kulipima.

Ugumu ulioanza kujulikana sana ni ule ulioelezwa na Peter Geach mwaka 1965. Tuchukue sentensi hii: "Kama kuiba ni vibaya, basi kumtuma mdogo wako aibe ni vibaya." Asemaye hivyo hajalaani wizi, hata mwizi aweza kuikubali. Hali "Ole wake!", usemi ambao kwa hakika hudhihirisha moyo tu, haukubali kuwekwa baada ya "kama". Basi maana ya "ni vibaya" haiwezi kuwa kile kitendo cha kulaani.

Wanaudhihirishaji walijibu kwamba tusitazame kitendo cha kusema, bali hali ya nafsi. Kufikiri kwamba kuiba ni vibaya, walisema, ndiko kulaani kuiba. Jibu hili ndilo lililopimwa na Nicholas Unwin mwaka 1999 kwa njia ya ukanushi. Tazama sentensi zifuatazo:

(1) Juma hafikiri kwamba kuiba ni vibaya.
(2) Juma anafikiri kwamba kuiba si vibaya.
(3) Juma anafikiri kwamba kutoiba ni vibaya.

Kiswahili kimetupa alama tatu mbalimbali: "ha-" katika kitenzi kikuu, "si" mahali pa "ni", na "-to-" ndani ya kitenzijina. Maana nazo ni tatu. Katika (1) huenda Juma hajalitafakari jambo hilo kamwe. Katika (2) amekata shauri kwamba kuiba kwaruhusiwa. Katika (3) anaona kuiba ni wajibu. Ni kweli kwamba katika mazungumzo (1) mara nyingi huchukuliwa kwa maana ya (2). Lakini twaweza kusema bila kujipinga: "Juma hafikiri kwamba kuiba ni vibaya, wala hafikiri kwamba si vibaya." Kwa hiyo maana hizo mbili ni tofauti.

Sasa tuweke "analaani kuiba" mahali pa "anafikiri kwamba kuiba ni vibaya". Sentensi ya (1) yawa "Juma halaani kuiba", na ya (3) yawa "Juma analaani kutoiba". Ya (2) haina pa kukaa, kwa kuwa "ni" imetoweka, na pamoja nayo nafasi ya "si". Mtu aweza kusema kwamba (2) ni "Juma anavumilia kuiba". Lakini "ni" na "si" hupingana kwa umbo lenyewe, ilhali kulaani na kuvumilia ni misimamo miwili, na kupingana kwake ndiko kulikotakiwa kuelezwa.

Mark Schroeder alipendekeza mwaka 2008 kuongeza nafasi iliyokosekana, tuseme "anaazimia kulaani kuiba". Hapo (2) yapata umbo lake: "anaazimia kutolaani kuiba". Hata hivyo, Schroeder mwenyewe alionyesha kwamba ili mpango huo ufanye kazi katika lugha nzima, imani za kawaida nazo, kama "mvua inanyesha", sharti zifasiriwe kwa namna hiyo hiyo. Na gharama hiyo ni kubwa mno.

Je, wanauhalisia wameshinda? La. Sarufi yaonyesha tu kwamba sentensi za maadili zina tabia ya sentensi za kuarifu, na Mackie hakulikana hilo. Hata yeye hasalimiki na ukanushi: iwapo "Kuiba ni vibaya" si kweli, yaelekea "Kuiba si vibaya" ni kweli, nasi huielewa hiyo kama ruhusa. Yampasa aseme kwamba "si" yake hukana uovu bila kutoa ruhusa, maana ruhusa nayo, kwa nadharia yake, haimo ulimwenguni. Sarufi, basi, yaweza kutuambia tunadai nini tunapohukumu; haiwezi kutuambia kama tunachokidai kipo.